Nane au Sita? Kioo cha Kompyuta Kinapopigwa Picha kwa Simu

Picha inaingia WhatsApp saa tatu usiku. Kioo cha kompyuta kimepigwa kwa simu, pembeni inaonekana kibodi na kikombe cha chai, na juu ya maandishi yote imetanda michirizi ya waridi na kijani iliyopinda-pinda. Chini yake kuna ujumbe: "Kaka, namba yangu ya NIDA hiyo, nisaidie kusajili laini." Kaka mtu anaivuta picha kwa vidole viwili. Picha inakua, namba zinazidi kuwa ukungu. Tarakimu ya kumi na nne ni nane? Ni sita? Au tatu?

Wengi hapo hulaumu simu kwamba kamera yake ni mbovu. Mara nyingi ni kinyume chake. Kamera yenye lenzi nzuri ndiyo inayoona michirizi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu ina uwezo wa kuviona vitone vidogo vinavyounda skrini. Lenzi iliyochakaa au iliyopakwa mafuta ya vidole huvichanganya vitone hivyo vikawa rangi moja tulivu, na michirizi hupungua. Herufi nazo hufifia pamoja nayo, kwa hiyo usikimbilie kuichafua lenzi yako.

Chukua vipande viwili vya chandarua, weka kimoja juu ya kingine, uvitazame kwenye mwanga. Utaona mawimbi mapana yasiyokuwepo kwenye kipande chochote kati ya hivyo viwili. Sogeza cha juu kidogo tu, mawimbi yanakimbia. Yanatokea kwa sababu matundu ya chandarua kimoja mahali fulani yanaangukia juu ya matundu ya kingine, na hatua chache mbele yanaangukia juu ya nyuzi. Skrini ni chandarua cha kwanza: vitone vimepangwa kwa safu na mistari, na kila kitone kina vijistari vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu. Kihisi cha kamera ni chandarua cha pili, kwani nacho kimepangwa kwa safu za vijisehemu vinavyopokea mwanga.

Kihisi hicho kina siri inayoeleza zile rangi za ajabu. Kijisehemu kimoja hakioni rangi zote. Mwaka 1976 Bryce Bayer, mhandisi wa kampuni ya Kodak, alipewa hataza ya mpangilio ambao kamera nyingi zinautumia hadi leo: katika kila vijisehemu vinne, viwili vinapokea kijani, kimoja nyekundu na kimoja bluu. Rangi zinazokosekana kila mahali programu ya kamera inazikadiria kwa kuangalia majirani. Maana yake ni kwamba picha yenye nukta 4000 kwa upana ina safu 2000 tu zilizoona nyekundu kwa hakika.

Sasa tufanye hesabu ya ile picha ya usiku. Skrini ya kawaida ya mezani ya inchi 24 ina vitone 1920 kwa upana, na upana wake ni kama sentimita 53. Simu nyingi hutoa picha ya megapikseli 12, yaani nukta takribani 4000 kwa 3000. Hata nyingi za zile zilizoandikwa megapikseli 48 au 50 kwa kawaida huunganisha vijisehemu vinne kuwa kimoja na kutoa picha ya 12. Mpigaji akiijaza skrini nzima kwenye picha, safu 1920 za vitone vyekundu vya skrini zinakutana na safu 2000 za kamera zinazoona nyekundu. Tofauti yake ni 80. Kwa hiyo mara 80, kutoka kushoto hadi kulia, safu za pande mbili zitalingana kisha zitapishana, na picha itapata michirizi kama 80 ambayo haipo kwenye skrini. Bluu nayo inapishana kwa mtindo wake. Nyekundu na bluu zinapozidi tunaona waridi, zinapofifia kinabaki kijani.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini michirizi haitulii. Simu inayochukua skrini yote ya inchi 24 huwa kama sentimita 40 kutoka kwenye kioo. Irudishe nyuma sentimita moja na nusu tu, skrini itachukua nukta 3840 badala ya 4000, safu za kamera zitakuwa 1920 na za skrini 1920, na kwenye karatasi michirizi imekwisha. Katika maisha haiishi, kwa sababu hakuna mkono unaoshika simu sambamba kabisa na kioo. Upande mmoja uko karibu kidogo, lenzi nayo hupinda kidogo pembeni, hivyo tofauti ya safu inabadilika kutoka mahali hadi mahali. Ndipo michirizi inapopinda.

Kuna michirizi mingine ambayo watu huichanganya na hii. Ni mapande mapana ya kiza, yaliyonyooka, yanayopita skrini nzima kama vivuli na mara nyingi yanaonekana yakitembea kwenye simu kabla hujapiga. Hayo hayatokani na safu za vitone. Skrini nyingi, mwangaza wake ukipunguzwa, haziupunguzi kweli: zinawaka na kuzima mara mamia kwa sekunde, na jicho linaona wastani. Kamera ya simu haichukui picha yote kwa mpigo mmoja, inaisoma mstari kwa mstari. Mistari iliyosomwa wakati skrini imezima inatoka na kiza. Dawa yake ni nyepesi: pandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho, na kwa skrini nyingi za kompyuta mapande hayo yatatoweka au yatafifia. Kuzitofautisha aina hizi mbili si kazi. Shika simu bila kuisogeza: kinachotembea chenyewe ni kuwaka na kuzima kwa skrini, kinachobadilika pale tu mkono unaposogea ni safu.

Ipo na aina ya tatu, ya uongo kabisa. Picha kubwa inapoonyeshwa kwenye kioo kidogo cha simu, nukta zake hupunguzwa zienee, na kupunguza huko nako kunaweza kuzaa michirizi. Kabla hujamrudishia mtu picha ukimwambia apige upya, ivute kwa vidole. Michirizi ikibadilika umbo au kutoweka kila unapovuta, iko kwenye kioo chako, haimo kwenye picha. Ikikua pamoja na herufi, imo.

Lakini kwangu michirizi ndiyo mshitakiwa wa pili. Wa kwanza ni udogo wa herufi, nao hausemwi kwa sababu hauna rangi za kushangaza.

Turudi kwenye namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Ikiandikwa kwa herufi ndogo za kawaida za tovuti, kila tarakimu ina kimo cha vitone vya skrini tisa hivi, na namba nzima pamoja na vistari vyake inachukua vitone 150, yaani sentimita nne kati ya 53. Mpigaji amepiga sentimita 53, akaongeza kibodi na kikombe, kwa ajili ya sentimita nne. Ndani ya tarakimu ya vitone tisa, tofauti ya nane na sita ni uwazi wa kitone kimoja au viwili upande wa juu kulia. Tofauti ya nane na tatu ni uwazi kama huo upande wa kushoto. Uhai wote wa namba umekaa kwenye vitone viwili.

Kwenye picha yenyewe ya nukta 4000, kila kitone cha skrini kimepata nukta mbili, kwa hiyo bado kuna matumaini. Kisha picha inatumwa. WhatsApp kwa ubora wa kawaida huipunguza hadi upande mrefu uwe na nukta takribani 1600. Gawanya 1600 kwa 1920: kila kitone cha skrini sasa kina nukta isiyofika hata moja. Tarakimu iliyokuwa na vitone tisa imebaki na nukta saba na kidogo, na ule uwazi wa nane na sita umebaki nukta moja na nusu, nyingine ikiwa imeshakaliwa na mchirizi wa waridi. Juu ya hayo picha inabanwa kwa mtindo wa JPEG, unaokata picha katika miraba ya nukta nane kwa nane na kuacha undani unaoonekana si muhimu. Tarakimu nzima imeingia ndani ya mraba mmoja. Rangi hubanwa zaidi kuliko weusi na weupe, ndiyo maana maandishi mekundu juu ya bluu, ambayo baadhi ya watengeneza tovuti wanayapenda kwa sababu wanazozijua wao, hufika yakiwa hayasomeki kabisa.

Kwa hiyo kushindana na michirizi kwa kuinamisha simu, kuizungusha, kurudi nyuma na kusogea mbele, ingawa husaidia kidogo, ni kuhangaikia mshitakiwa asiye na kosa kubwa. Kinachookoa namba ni kuikuza kwenye kompyuta kabla ya kupiga. Shika kitufe cha `Ctrl`, bonyeza `+` mara kadhaa hadi ukurasa ufike asilimia 200. Tarakimu sasa ina vitone 17 au 18. Sogeza simu hadi nusu ya skrini ndiyo ijaze picha, ile nusu yenye namba. Hata baada ya WhatsApp kuipunguza hadi nukta 1600, vitone 960 vya nusu skrini vinapata nukta moja na theluthi mbili kila kimoja, na tarakimu inafika na kimo cha nukta kama 29, mara nne ya mwanzo. Michirizi huenda bado ipo, ila sasa uwazi wa nane na sita una nukta kama sita, na jicho linapita katikati ya michirizi bila kusita. Zaidi ya hapo, kwa kusogea karibu umezipa safu za skrini nafasi kubwa zaidi kwenye kihisi, na michirizi yenyewe hupungua nguvu.

Usisogee mno. Kamera kuu za simu nyingi hushindwa kulenga kitu kilicho karibu sana, na picha inakuwa ya ukungu mwororo usio na michirizi wala herufi. Ukiona hivyo rudi nyuma kidogo na utumie ukuzaji wa mara mbili.

Msomaji atauliza kwa nini mtu asinase tu skrini kwa kompyuta yenyewe. Kweli, hilo ndilo bora: `Windows` + `Shift` + `S` kwenye kompyuta nyingi, au `Command` + `Shift` + `4` kwenye Mac, na hakuna chandarua cha pili tena. Lakini kompyuta mara nyingi si yako. Ni ya steshenari, na hutaki kuingiza WhatsApp yako kwenye mashine ya watu. Au iko nyuma ya kaunta na karani amekugeuzia skrini nusu dakika. Au ndiyo kwanza imekwama inawaka, na maandishi meupe ya hitilafu yamejaa skrini nyeusi kabla Windows haijaamka. Hapo simu ndiyo kalamu uliyo nayo.

Skrini nyeusi ina matatizo yake, na hayafanani na ya nyeupe. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kujaribu kuufikisha wastani. Ikikuta skrini yenye usuli mweusi na vijiandishi vyeupe vichache, inaona giza, inaongeza mwanga. Usuli unageuka kijivu chenye chengachenga, na herufi, ambazo zilikuwa na mwanga wa kutosha tangu mwanzo, zinapitiliza. Weupe unavuja nje ya mipaka yake, unajaza mashimo: nane inakuwa kidonge, sita inakuwa kidonge, sifuri inakuwa kidonge. Na ili kupata mwanga huo kamera huenda ikaacha mlango wazi kwa muda mrefu zaidi, mkono ukatikisika, kidonge kikapata mkia. Zaidi ya hayo, kioo cheusi ni kioo cha kujitazamia. Taa ya dari, dirisha lililo nyuma yako, shati lako jeupe, vyote vinaingia kwenye picha na kukaa juu ya maandishi. Mweko wa simu usiujaribu, utarudi kama jua katikati ya skrini.

Njia fupi ni kuigeuza skrini kuwa nyeupe kabla ya kupiga, kama programu inaruhusu. Kwenye Windows kikuzaji cha skrini huwashwa kwa `Windows` + `+`, kisha `Ctrl` + `Alt` + `I` hupindua rangi zote, nyeusi ikawa nyeupe. Unapata ukubwa na weupe kwa pamoja. Isipowezekana, gusa herufi zenyewe kwenye kioo cha simu ili kamera ilenge hapo, kisha telezesha alama ya jua inayojitokeza kushuka chini, hadi herufi zionekane nyembamba na usuli uwe mweusi kweli. Picha itaonekana ya giza mno machoni pako. Iache hivyo, herufi zitasomeka.

Upande wa msomaji nako weusi una gharama. Cosima Piepenbrock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, waliwapima vijana na wazee, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013 makundi yote mawili yalifanya vizuri zaidi kwa herufi nyeusi juu ya weupe. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba faida hiyo inakua kadiri herufi zinavyokuwa ndogo. Maelezo yao yako kwenye mboni. Mwanga mwingi wa ukurasa mweupe huibana mboni, na mboni iliyobanwa hupitisha mwanga kupitia katikati ya lenzi ya jicho, mahali penye picha safi. Mbele ya skrini nyeusi mboni inatanuka na kingo za herufi zinalegea. Si sheria ya kila mtu. Mwenye mtoto wa jicho, ambaye mwanga mwingi unamtawanyikia machoni kama ukungu, mara nyingi husoma vizuri zaidi kwenye weusi. Basi anayemtumia bibi picha amuulize kwanza bibi.

Sasa tuseme picha mbaya ndiyo imeshafika na kompyuta ilikotoka imezimwa. Kwanza omba ile ya awali. Kama mtumaji bado anayo kwenye simu yake, mwambie aitume tena akichagua `HD` ili isipunguzwe sana, au bora zaidi aiambatishe kama faili na si kama picha, ndipo haitapunguzwa kabisa. Katika picha ya usiku ule, faili peke yake lingerudisha nukta mbili kwa kila kitone badala ya 0.8. Pili, ibadilishe kuwa nyeusi na nyeupe kwenye programu ya picha ya simu yako. Rangi za waridi na kijani zitakufa, na kilichobaki cha michirizi kitakuwa kivuli hafifu. Kama ni ya usuli mweusi, pindua rangi kwenye mipangilio ya simu ili jicho lako lipate weupe wa kubania mboni.

Usibonyeze kitufe cha kunoa picha ukidhani umesaidiwa. Kunoa hakuongezi kilichopotea. Kunachukua kingo za ukungu na kuzifanya ziwe kingo za uhakika, na nane ya kubahatisha inatoka ikiwa nane yenye kujiamini. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox, kwa mtindo fulani wa kubana picha, zilikuwa zinanakili karatasi na kubadilisha tarakimu, sita zikawa nane, huku nakala ikionekana safi kabisa. Mashine ilikuwa imeona vipande viwili vinavyofanana, ikatumia kimoja mahali pa kingine. Ukungu wa JPEG una uungwana kuliko hapo: penye shaka unakuonyesha shaka.

Na penye shaka, tumia unachokijua kuhusu namba yenyewe. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Ikiwa mwenye namba alizaliwa Machi 1986, hubishani tena na ukungu kama ni 1986 au 1988. Zinabaki 12 ambazo tarehe haikusaidii. Katika hizo, tafuta tarakimu ileile mahali pengine ndani ya picha hiyohiyo, kwenye tarehe au namba ya simu unayoijua, uone nane ya picha hiyo ina umbo gani ikiwa imeharibika, na sita yake ina umbo gani. Ukishazilinganisha, nyingi zitajitenga. Zisizojitenga usizikisie. Mpigie simu mwenyewe akusomee kutoka kwenye picha yake, tarakimu nne nne, na wewe umrudishie ulichosikia kabla hajaendelea.